FUNDI WA NYUMBA: Televizyo inayofikiri ingali magazini



Mwezi huu tunasemea televizyo ambazo watu wanazipeleka kwa fundi, na kumbe hazina ugonjwa. Zina alama tatu. Ya kwanza: utepe wa maandishi unabaki chini ya picha ao pa pembeni, unaosifu televizyo yenyewe, ukubwa wa kioo chake na uzuri wa rangi zake. Ya pili: picha inawaka kupita kiasi, nyuso za watu zinakuwa nyekundu, majani yanang'aa kama yamepakwa rangi, na usiku macho yanauma. Ya tatu ndiyo inayotoa shaka yote: unapunguza mwangaza, televizyo inakubali, lakini kisha dakika chache mwangaza unarudi palepale, kama vile hukugusa kitu.

Ukiona zote tatu, jua kwamba televizyo imewekwa katika hali ya magazini. Viwanda vinaitengeneza hali hiyo kwa ajili ya wauzaji. Ndani ya magazini kuna taa kali, na televizyo kumi zimepangwa ukutani. Ile inayowaka zaidi ndiyo inayovuta jicho la mnunuzi. Na kwa kuwa wanunuzi wanachezea vifungo kutwa nzima, mashini imefundishwa kujirudisha yenyewe. Kwa hiyo kurudi kwa mwangaza si kuharibika. Ni kazi iliyopewa.

Inaingiaje nyumbani? Mara nyingi ni siku ya kwanza. Televizyo mpya ikiwashwa, inauliza maswali: luga gani, inchi gani, na je, itatumiwa nyumbani ao magazini. Mtu mwenye haraka anabonyeza OK, OK, OK, na jibu baya linapita. Njia ya pili ni kununua televizyo iliyokuwa ya maonyesho, ambayo muuzaji hakuiondoa katika hali ile.

Tuchukue mfano. Familia moja ya Kolwezi imenunua Samsung iliyotumika, iliyopitia Kasumbalesa. Wanaona utepe, wanaona mwangaza. Mama anasema: «Baba Kalenga, hii televizyo iko na ugonjwa gani? Napunguza mwangaza, kisha inarudia!» Wanaita kijana wa mtaa, naye anajibu: «Mama, ni karte njo ilikufa. Lete dola makumi sita, tubadirishe.» Mbele ya kutoa feza hizo, wafanye hivi.

Kwanza, wachukue telekomande na kufungua mipangilio, Settings. Humo waingie General, kisha System Manager, kisha Usage Mode. Katika Samsung za miaka ya karibuni, General inaitwa General & Privacy, nayo iko ndani ya All Settings. Hapo televizyo inaweza kuomba namba ya siri. Kama hakuna aliyeibadilisha, ni 0000. Sasa wataona maneno mawili: Home Mode na Retail Mode. Wachague Home Mode, ni kusema hali ya nyumbani. Utepe utaondoka. Katika Samsung za zamani kidogo, jambo hilohilo liko ndani ya Support, na maneno ni Home Use na Store Demo.

Je, kama ni televizyo ya aina ingine? Katika LG, tafuta Home/Store Mode ndani ya General, ao katika zile mpya ndani ya System, kwenye Additional Settings. Katika Sony zenye Android, fungua Settings, kisha Device Preferences ao System, kisha Retail mode settings. Huko kuna vitu viwili vya kuzima, na watu wengi wanazima kimoja tu: Demo mode, inayoleta utepe na filamu za kusifu, na Picture reset mode, inayorudisha mwangaza. Zima vyote viwili. Kama menyu iko katika Kifaransa, macho yatafute neno Domicile na neno Magasin. Moja liko karibu na lingine.

Hapo wengi wanaishia, na kesho wanalalamika tena: «Utepe ulienda, lakini macho bado inauma.» Sababu ni kwamba kutoka katika hali ya magazini ni jambo moja, na kupanga picha ni jambo lingine. Mara kwa mara picha inabaki katika mpango unaoitwa Dynamic ao Vivid. Rudia Settings, ingia Picture, kisha Picture Mode, na uchague Standard, ao Movie kwa kutazama usiku. Kwa saa ya kwanza Movie itaonekana kama ya manjano na yenye giza kidogo. Usiogope, jicho litazoea, na nyuso za watu zitakuwa za watu. Zima televizyo, ngoja kidogo, iwashe tena. Kama mwangaza haukurudi juu, kazi imekwisha.

Faida haiko kwa macho tu. Katika televizyo hizi za LCD na LED, taa za nyuma ya kioo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya moto. Nyumba yenye konteri ya kulipa mbele, ao inayotazama kwa batri na pano ya jua wakati moto umekatwa, itaona tofauti: batri ileile itafika mbali kidogo kuliko jana. Na taa zisizowashwa kwa nguvu zote kila siku zinachelewa kuchoka.

Vijana wanapenda njia ya mkato: kufuta mipangilio yote na kurudisha televizyo kama ilivyotoka kiwandani. Inaweza kufaa, lakini itafuta chaneli zote na namba za siri za Wifi, na itauliza tena lile swali la nyumbani ao magazini. Ukijibu OK, OK, OK, unarudi ulipotoka. Iache iwe njia ya mwisho, na siku hiyo soma kila swali.

Kuna shida ingine: telekomande ya kwanza ilipotea, na vifungo vya mwilini mwa televizyo mara nyingi vinatoa sauti na chaneli tu, havifikishi ndani ya mipangilio. Usifungue televizyo kwa sababu hiyo. Nunua sokoni telekomande ya aina ya televizyo yako, na uijaribu mbele ya kulipa: ikifungua menyu, inatosha.

Mwisho, tuseme kweli juu ya mpaka wa dawa hii. Televizyo iliyokaa ukutani mwa magazini imewaka kutwa kucha kwa nguvu zote. Ukiiweka katika hali ya nyumbani na picha ikawa na madoa ya giza, ao kivuli cha utepe wa zamani kikabaki hata utepe wenyewe umeondoka, hapo kioo ao taa zake zimechoka kweli, na menyu haiwezi kuziponya. Ndiyo maana, ukinunua televizyo iliyotumika, mwombe muuzaji aiweke Home Mode na picha Standard mbele ya macho yako, kisha utazame kioo kikiwa cheupe chote. Mwangaza mkali wa magazini unaficha makosa mengi. Akikataa, weka feza yako mfukoni.