Usiandike "feki", andika namba

Leo naongelea flashi za bei poa zinazoletwa na boda boda hadi mlangoni. Msimamo wangu ni huu: ukishuku flashi, neno "feki" pekee halitakurudishia pesa. Peleka kipimo.

Jirani yangu hapa Soweto West, Kibera, hupiga picha za sherehe. Aliagiza flashi ya gigabaiti 64 mtandaoni. Kompyuta ikamwonyesha 59.6, akadhani ameibiwa. La! Kiwandani gigabaiti ni baiti bilioni moja, lakini Windows hugawanya kwa 1,073,741,824. Ukilalamikia pengo hilo, utakataliwa, na ni haki.

Wizi wenyewe haukuonekana hapo. Chipu ndogo inayoongoza flashi hupangwa upya ili iseme 64, huku kumbukumbu halisi ikiwa 8. Ikijaa, picha mpya hupotea au hufuta za zamani. Majina ya faili yanabaki, lakini hazifunguki. Kwa hivyo ipime ikiwa tupu, kabla ya kuweka kazi ya mteja.

Kwenye Linux mimi hutumia f3. Hujaza flashi yote, kisha husoma tena kilichoandikwa. Andika njia ya flashi yako:

```
f3write /media/flashi
f3read /media/flashi
```

Kwa mwendo wa megabaiti 10 kwa sekunde, kuandika peke yake huchukua karibu saa mbili, kwa hivyo ombea stima isipotee. Kwenye Windows kuna H2testw. Ya jirani ilitoa hivi:

```
  Data OK: 7.46 GB
Data LOST: 52.12 GB
```

Hapo hakuna ubishi. Sasa ripoti. Fungua oda na uchague sababu inayosema bidhaa hailingani na maelezo. Usichague "imeharibika", maana unaweza kuletewa nyingine ya muuzaji yule yule. Andika sentensi moja: "Iliuzwa kama GB 64, kipimo cha f3 kinaonyesha 7.46 tu." Ambatisha picha ya matokeo, ya flashi na pakiti yake, na ya lebo yenye namba ya oda. Omba pesa, si kubadilishiwa. Fanya haya kabla siku za kurudisha hazijaisha, na ndani ya mfumo wa duka, si kwa kumpigia muuzaji simu.

Kumbuka mpaka wa ushahidi wako: f3 inathibitisha ukubwa wa uongo, haithibitishi kwamba jina la kampuni limeibwa. Hilo mwenye alama ndiye hulithibitisha. Ukilishuku, Kenya ina mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi, iliyotokana na sheria ya 2008. Waarifu pia.

Na ninyi wenye maduka: kompyuta moja na f3 kwenye bohari ingewanasa wauzaji hawa kabla boda boda hajawasha pikipiki. Kwa nini mzigo huo abebe mpiga picha wa Kibera?