Ulaghai wa 'nafasi ya pili': Mnada unapokwisha, tapeli ndipo anapobisha hodi Busia na Tororo

Anayeshindwa katika mnada wa mtandaoni hubaki na fedha zake mfukoni, lakini nyuma yake huacha taarifa yenye thamani kubwa: kiasi ambacho alikuwa tayari kukilipa. Muuzaji wa dukani hulazimika kukisia uwezo wa mteja wake. Katika mnada, mteja huutaja mwenyewe, tena hadharani. Ulaghai unaojulikana kama 'nafasi ya pili' umejengwa juu ya taarifa hiyo, na katika miji ya mpakani kama Busia na Tororo, ambako watu hununua upande mmoja na kulipa upande wa pili bila kuona ajabu, una mazingira yanayoufaa sana.

Kinachoupa ulaghai huu nguvu ni kwamba nafasi ya pili yenyewe si uongo. Katika mtandao wa eBay, ulioanza nchini Marekani mwaka 1995, muuzaji ana ruhusa ya kumrudia mtu aliyeshindwa na kumuuzia bidhaa kwa dau lake la juu kabisa. Hufanya hivyo iwapo mshindi ameshindwa kulipa, au iwapo ana bidhaa nyingine ya aina ile ile. Ofa hiyo huitwa Second Chance Offer, nayo hudumu kwa muda ambao muuzaji ameuchagua, kuanzia siku moja hadi saba. Hakuna tena kushindana: anayepewa ofa akikubali, bidhaa ni yake.

Kwa hiyo mtu anayepokea ujumbe kuwa mshindi amekwama na kwamba sasa zamu ni yake, hajaambiwa jambo lisilowezekana. Ameambiwa jambo ambalo hutokea. Tofauti ipo mahali pamoja tu, nayo ni njia ya fedha. Ofa ya kweli huonekana ndani ya akaunti ya mnunuzi na hulipiwa humo humo, kwa utaratibu ule ule ambao mshindi angelipia. Ofa ya uongo humwomba mnunuzi atoke nje: aandike barua pepe nyingine, ahamie WhatsApp, kisha atume fedha kwa mtu.

Hapo mwanzo matapeli hawakuhitaji hata ujuzi wa kuvunja mifumo. Majina ya washiriki wa mnada yalikuwa wazi kwa kila mtazamaji, pamoja na madau yao. Watu wengi walitumia jina lile lile katika barua pepe zao, hivyo tapeli alichukua jina la aliyeshindwa, akaliongezea anwani za kampuni mashuhuri za barua pepe, akatuma ujumbe huo kwa zote na kungoja ni upi utakaojibiwa. Fedha ziliombwa kupitia huduma kama Western Union, kwa kuwa zikishachukuliwa taslimu dirishani hazirudi. Mji wa Râmnicu Vâlcea nchini Rumania ulipata sifa mbaya duniani kwa ulaghai wa minada wa aina mbalimbali, huku watumwa wa magenge hayo wakienda kuzichukua fedha katika nchi nyingine za Ulaya kwa vitambulisho bandia.

eBay ilijibu kwa kuyaficha majina. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imeanza kuonyesha herufi chache tu na nyota badala ya jina kamili la mweka dau katika minada ya bei kubwa, na baadaye utaratibu huo ukaenea. Hatua hiyo ilimziba macho mtazamaji wa nje. Haikumzuia muuzaji mwenyewe, ambaye lazima awajue wateja wake, wala mtu aliyeiba akaunti ya muuzaji. Na haikufika kabisa katika ile minada midogo ya kurasa za kijamii, ambako watu huandika bei zao kwenye maoni chini ya picha, jina na namba ya simu vikiwa bayana. Huko, ulinzi bado uko pale pale ulipokuwa eBay miaka ishirini iliyopita.

Sasa tuutazame mpaka wenyewe. Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mstari, na kila upande una wilaya au kaunti yenye jina hilo hilo. Kaskazini yake kuna Malaba, lango la malori, ambayo kwa upande wa Uganda imo ndani ya wilaya ya Tororo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari mwaka 2018, msafiri na mzigo hushughulikiwa mara moja tu, upande wanakoingia. Wafanyabiashara wengi hubeba laini za simu za nchi zote mbili. Kumtumia mtu wa Kenya fedha kutoka Uganda kwa simu ni kazi ya dakika chache. Urahisi huu ni wa halali na wenye faida, ila unamwondolea tapeli swali ambalo kwingineko lingemfichua: kwa nini nilipe nchi nyingine?

Chukua mfano wa kubuni, lakini wenye hatua zote. Fundi wa malori mjini Tororo anataka kifaa cha kusoma hitilafu za injini za malori. Anakipata eBay na kuweka dau la dola 610. Mnada unamalizika Jumapili usiku, mtu mwingine akishinda kwa dola 620. Jumatatu asubuhi fundi anapata barua pepe yenye nembo ya eBay, picha ya kifaa kile kile na namba ya bidhaa iliyo sahihi. Anaambiwa mshindi ameshindwa kulipa, na kwamba kifaa ni chake kwa dola 610.

Kiasi hicho ndicho kinachomtuliza. Anajiuliza ni nani mwingine angejua dau lake kama si muuzaji. Jibu ni kwamba dau la aliyeshindwa hubaki katika historia ya mnada, hata kama jina limefichwa. Na ikiwa muuzaji ndiye tapeli, huenda yule 'mshindi' naye alikuwa yeye, kwa akaunti ya pili, akipandisha bei ili kujua kikomo cha fundi.

Kisha unakuja mtego ulioshonwa kwa kipimo cha Afrika Mashariki. Kwa kawaida mnunuzi wa huku hutumia anwani ya ghala la kampuni ya mizigo huko Marekani, nayo humsafirishia hadi Entebbe au Nairobi kwa malipo ya uzito. Barua inamwambia fundi kuwa hana haja ya hayo yote: muuzaji ana mwakilishi Busia upande wa Kenya, mwenye kifaa kingine kama hicho, tayari kimelipiwa ushuru. Atume nusu ya fedha kwa namba inayoanza na +254, nusu nyingine atalipa akikipokea. Hii inaonekana kuwa busara hata kuliko kununua eBay. Fundi anatuma zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda. Siku ya pili mwakilishi anasema ofisa mmoja amezuia mzigo na inahitajika nyongeza kidogo. Siku ya tatu simu haipatikani.

Makosa hayakuwa ya ujinga. Kila hatua ilifanana na biashara ambayo fundi huifanya kila wiki. Kilichokosekana ni jambo moja: hakufungua akaunti yake kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti, akaangalia kama ofa imo katika ujumbe wake wa ndani na kama kuna kitufe cha kulipia. Kubofya kiungo kilichomo katika barua hakutoshi, kwa sababu kiungo huweza kumpeleka kwenye ukurasa wa kuigiza, naye akaandika nywila yake humo na kupoteza akaunti pia.

Yapo mazingira yenye utata zaidi. Muuzaji halisi, mwenye bidhaa halisi, anaweza kumfuata aliyeshindwa pembeni ili kukwepa ada ambayo eBay humkata. Pengine atatuma mzigo kweli. Hata hivyo anavunja kanuni za mtandao huo, na mnunuzi anayemkubali anapoteza dhamana ya kurudishiwa fedha, ambayo haihusu mauzo yaliyofanyika nje. Mnunuzi wa Busia ana sababu ya ziada ya kuliangalia hilo, kwani dhamana hiyo huwa tayari imepungua kwake: haigusi mzigo uliofika kwenye ghala la Marekani kisha ukapelekwa anwani nyingine. Anayetoka nje ya mtandao anaacha kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Mbinu hiyo hiyo huweza kuvikwa joho la forodha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa ambazo hazikuondolewa katika maghala ya forodha ndani ya siku 30 za tangazo huhesabiwa kuwa zimetelekezwa na huuzwa kwa mnada. Aliyekosa gari katika mnada wa namna hiyo anaweza kupigiwa na 'ofisa' anayesema mshindi hakukamilisha malipo. Kipimo ni kile kile. Fedha za mnada wa serikali hulipwa kwa mamlaka ya mapato kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wake, haziendi kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe na kitambulisho kizuri kiasi gani.

Fedha zikishatoka, saa ya kwanza ndiyo yenye maana. Mtumiaji wa M-Pesa aliyetuma ndani ya Kenya anaweza kuupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 kuomba urejeshwe, na ombi huwa na nafuu ikiwa fedha bado hazijatolewa. Fundi wa Tororo hana njia fupi kama hiyo. Yeye huanza kwa kampuni yake ya simu Uganda, ambayo haina mamlaka juu ya akaunti iliyo Kenya na hulazimika kuwasiliana na mwenzake wa upande wa pili, huku tapeli akitembea hatua chache hadi kwa wakala.

Kwa polisi nako kuna mstari. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na zote mbili zinautambua udanganyifu wa aina hii. Tatizo haliko katika kukosekana kwa kosa. Mlalamikaji yuko Tororo, laini imesajiliwa Kenya, pengine kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, na kumbukumbu za mnada ziko Marekani. Majeshi ya polisi ya ukanda huu yana jumuiya yao ya ushirikiano, EAPCCO, tangu mwaka 1998, lakini njia hiyo imezoea kesi za magenge, silaha na magari ya wizi, na shilingi milioni moja za fundi mmoja ni nadra kupanda hadi huko. Kilicho ndani ya uwezo wake ni kuandikisha malalamiko pande zote mbili, akiwa amehifadhi barua pepe nzima, namba ya bidhaa na ujumbe wa muamala, kwa kuwa anayechunguza laini ya +254 ni polisi wa Kenya, na bila faili lililofunguliwa kwao hakuna atakayeiomba kampuni ya simu jina la mwenye laini.