Picha Mbili za Harusi Moja

Hadithi fupi ya binti anayekuta picha mbili za harusi ya mama yake, moja iliyopambwa kupita kiasi na nyingine kama ilivyotoka studio, huandikwa kwa hukumu iliyokwisha kutolewa: ya kwanza ni uongo, ya pili ni ukweli, na mama ajieleze. Hukumu hiyo ina kasoro. Inachukulia kwamba picha isiyopambwa haikuamuliwa na yeyote, na wanaosafisha picha wanajua kuwa sivyo.

Harusi iwe ya Tanga, mwaka 1996, na binti awe na miaka 15 anapozikuta picha hizo. Sebuleni kuna picha kubwa ya fremu, uso wa mama mweupe na laini kama sahani, bila lile kovu dogo juu ya nyusi. Kwenye bahasha ya studio, chini ya kanga sandukuni, iko picha ndogo ya tukio lilelile: ngozi nyeusi, kovu mahali pake, jasho puani.

Picha kubwa ya aina hiyo ilipambwa kwa mkono. Fundi aliikuza kutoka kwenye negativu, akafunika shela, nywele na mandhari ya nyuma, kisha akapulizia usoni rangi nyepesi kwa kalamu ya hewa, tabaka juu ya tabaka. Pengine aliipiga picha upya ili zipatikane nakala. Picha iliyopuliziwa ikiinamishwa dirishani hung'aa tofauti pale penye rangi. Kwenye nakala mng'ao huo hupotea, ila hata lesi ya shela hufifia nyuzi zake. Dalili rahisi kuliko zote ni mikono: uso umetakata, lakini vidole vilivyoshika maua vimebaki na rangi yake. Mwandishi makini angempeleka binti kwenye vidole kabla ya kumpeleka kwa mama.

Ile picha ndogo nayo ina kesi ya kujibu. Mashine za kuchapia za miaka hiyo zilipima wastani wa mwanga uliopita kwenye negativu, zikichukulia kwamba rangi za picha ya kawaida zikichanganywa hutoa kijivu. Bibi harusi aliyetandazwa shela jeupe huivuruga hesabu hiyo. Mashine huuona weupe umezidi, huongeza mwanga wa kuchapia ili kuupunguza, na picha yote huwa nyeusi zaidi, uso ukiwamo. Opereta mwangalifu alibonyeza kitufe cha kusahihisha. Mwenye foleni ya wateja aliiacha ipite. Mashine nyingi zilichapa nyuma ya karatasi namba ya picha na alama za masahihisho, na mfululizo wa herufi N kwa kawaida ulimaanisha kwamba hakuna kilichosahihishwa. Alama hiyo ikiwa nyuma ya picha ya sandukuni, huenda mama hakuwa mweusi kiasi hicho siku ya harusi. Juu ya hayo, kwa miongo kadhaa kadi za Kodak za kulinganishia rangi, zilizoitwa Shirley, zilibeba sura ya mwanamke mweupe.

Kwa hiyo swali lenye maana ni nani aliamua. Binti akiuliza, "Mama, nani alikufanya hivi?" na mama akajibu, "Fremu ile alilipia bibi yako mzaa baba," hadithi inageuka. Mama si mwongo tena. Ni mtu aliyesahihishwa na ukweni, akaitunza picha yake sandukuni. Hapo pia ndipo pa kuweka mpaka kwenye kazi ya fundi. Kufuta chunusi ni kuondoa kitu ambacho kingepona wiki ijayo. Kufuta kovu na kubadili rangi ya ngozi ni kumtoa mtu na kumweka mwingine, na mwenye uso ndiye wa kuulizwa, hata kama si yeye mlipaji.

Ufaransa tangu 2017 na Norwei tangu 2022 zinataka picha za matangazo zilizorekebishwa maumbile ya mwili ziwekewe alama. Kuziingiza picha za harusi kwenye sheria ya namna hiyo ni kupotea njia, maana picha ya sebuleni haimuuzii mtu bidhaa. Kinachowezekana ni makubaliano ya studio na maharusi: negativu, au faili la awali, liwe mali ya maharusi. Kwa negativu, picha inaweza kuchapwa upya kwa kupima uso badala ya shela, na ubishi mwingi ukaisha. Lakini negativu ya rangi huchujuka, na unyevu wa pwani huiotesha ukungu, kwa hiyo ya mwaka 1996 ni bora iskaniwe mapema. Kwa harusi zinazopigwa picha kwa simu tatizo linaanza mapema zaidi: simu nyingine hulainisha ngozi kabla ya kuhifadhi, na kipengele hicho kisipozimwa kabla ya kupiga, faili la awali halipo.