Linki tatu za Marburg: ipi ya kuamini?

Kukusanya linki za wiki na kuzitupa kwenye grupu la Wasapu ni kazi ya dakika mbili. Kazi yenyewe ni ule mstari mmoja chini ya kila linki. Kagera iliona umuhimu wake Januari 2025.

Januari 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza washukiwa wa Marburg katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Muda si mrefu, Waziri wa Afya, Jenista Mhagama, akasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja.

Mtu wa Muleba aliyetumiwa linki zote tatu kwa mpigo angeamini ipi? Hakuna iliyokuwa feki. Kila moja ilieleza kilichojulikana siku ile.

Maelezo mafupi yangemaliza utata. Ya kwanza: "Ni washukiwa, vipimo bado." Ya pili: "Sampuli za mwanzo tu, imepitwa na tangazo la Januari 20." Ya tatu: "Anza na hii." Na hii ya tatu ndiyo ikae juu, maana wengi husoma ya kwanza tu.

Maelezo nayo huchacha. Machi 13, 2025 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, lakini "Anza na hii" bado ingeendelea kuzunguka kwenye simu. Kwa hiyo tarehe iandikwe mara mbili: ya habari, na ya maelezo yenyewe.