Kabla hujasaini mkataba wa fremu, uliza hili swali moja

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na sasa unatafuta fremu ya kuwekea mzigo, iwe Mugumu, Tarime mjini au Sirari. Mimi sio mwanasheria, na huu sio ushauri wa kisheria. Nasema tu kilichonikuta.

Nilipanga fremu Mugumu kwa 80,000 kwa mwezi, nikalipa mwaka mzima, 960,000. Mkataba ulikuwa karatasi moja: majina, kiasi, tarehe, sahihi. Nikajiona nimemaliza. Nilipopeleka ule mkataba TRA, nikakuta kuna pesa mbili sikuzipigia hesabu. Ya kwanza ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, yaani 96,000. Ya pili ni ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani 9,600. Jumla 105,600.

Sasa sikiliza vizuri. Ile asilimia 10 ni kodi ya kipato cha mwenye nyumba, sio yako. Wewe mpangaji wa biashara sheria inakutaka uikate kwenye pango, umpe yeye 864,000, na ile 96,000 uipeleke TRA kwa niaba yake. Ila mimi nilikuwa nimeshampa yote. Nilipomrudia akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nilitaka laki tisa na sitini mkononi, hayo mengine ni yako." Mkataba ulikuwa kimya, na hela ilikuwa kwake. Nikatoa kwenye mtaji.

Kwa hiyo swali ni hili: "Mzee, hiyo bei ni kabla ya kukata kodi ya zuio au baada?" Uliza kabla hujatoa hata mia. Mkikubaliana, iandikwe hivi: "Mpangaji atakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, ataiwasilisha TRA na kumpa mwenye nyumba uthibitisho wa malipo." Ule uthibitisho mpe kweli, maana unamsaidia kwenye hesabu zake za kodi.

Akikataa kabisa, usigombane naye. Piga hesabu upya: ukibeba zote mbili, fremu yako sio 80,000, ni 88,800 kwa mwezi. Biashara ikiihimili, chukua. Isipoihimili, tafuta nyingine.

Na ile stempu usiikimbie ukidhani umeokoa 9,600. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. Siku mwenye fremu akitaka kukutoa kabla ya muda, mkafikishana Baraza la Ardhi na Nyumba, hiyo karatasi ndiyo mdomo wako.

Maoni yangu: mwenye fremu anayekasirika kwa swali hili kabla ya kusaini, atakusumbua zaidi baada ya kusaini. Kama mkataba wako una jambo gumu, muone mwanasheria kabla hujalipa.

Wewe fremu yako ilikuwaje, nani alibeba ile asilimia 10?