UKIUGUA, TUMA HABARI KABLA YA CHETI



Karani mmoja wa stoo, mwenzetu, alishikwa na homa usiku wa Jumapili. Alfajiri alimwambia bawabu kwa mdomo tu, akaenda zahanati, akapewa siku tatu za kupumzika. Alhamisi alirudi kazini na cheti cha daktari, akakuta barua ya kumtaka ajieleze kwa utoro. Bawabu alikuwa amesahau. Ufunguo wa stoo ulikuwa nyumbani kwa karani, na lori la Jumatatu lilirudi tupu.

Mwakilishi wetu aliketi naye mbele ya meneja, na kazi haikupotea. Lakini mshahara wa siku tatu ulikatwa, nasi hatukuwa na karatasi ya kupinga.

Wengi hudhani cheti chatosha. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mapatano ya chama yaweza kuzidisha. Lakini kifungu hicho hicho chataka mambo mawili: cheti, na habari kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, pamoja na sababu ya kutofika. Usipoweza wewe, mkeo au jirani aweza kuipeleka.

Karani wetu angaliandika hivi kwa simu kabla ya kengele ya asubuhi:

“Bwana Meneja, mimi karani wa stoo. Naumwa, siwezi kuja leo. Naenda zahanati, cheti kitaletwa leo jioni. Ufunguo analeta kijana wangu saa moja na nusu. Lori la saa nne lipakiwe magunia 40, hati zimo katika droo ya juu. Mengine yangoje.”

Basi. Mambo ya haraka ni yale yatakayoharibika leo, si kazi yote ya juma. Wala huna lazima ya kumtajia nyapara jina la ugonjwa wako. Kusema unaumwa ni sababu tosha.

Kabla ya kutoka zahanati, soma cheti. Kiwe na jina lako, tarehe uliyoonwa, siku ulizopewa tangu lini hadi lini, sahihi na mhuri. Risiti ya dawa si cheti. Ikiwa siku zimekwisha nawe hujapona, rudi upate kingine siku hiyo hiyo, na umwarifu meneja tena.

Cheti kipige picha kabla hujakitoa, na ule ujumbe wa simu usiufute. Ukipewa barua ya kujieleza, usitie sahihi ya kukubali kosa. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa ukiwa na mwakilishi wako. Mwite kwanza.