Choo Kidogo Chenye Damu



Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na mwanawe wa miaka miwili, akaniambia kwa furaha kidogo kwamba kuharisha kumepungua. Jumatatu mtoto alikuwa akitoa maji tele, nepi haikauki. Kufikia Jumatano akitoa kiasi cha kijiko tu. Nikamwomba anionyeshe nepi. Ndani yake hamkuwa na maji wala kinyesi hasa, bali ute mzito kama kamasi uliochanganyika na michirizi ya damu. Mtoto mwenyewe mwili ulikuwa wa moto, na kila baada ya dakika chache alichuchumaa, akajikamua na kulia, asitoe chochote cha maana.

Huko hakukuwa kupungua. Ugonjwa ulikuwa umejidhihirisha kuwa mwingine.

Kuhara kwa maji huanzia katika utumbo mwembamba. Kuta zake hazijachanika, ila humwaga maji mengi kuliko ziwezavyo kuyanyonya, na hatari yake kubwa ni mtoto kukaukiwa. Ndiyo maana maji ya chumvi ya pakiti, zinki na kunyonyeshwa hutosha mara nyingi, na dawa za kuua bakteria hazihitajiki. Kuhara damu ni jambo la utumbo mpana. Kwa watoto wadogo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye shigela, ambaye hupenya ndani ya ukuta wa utumbo na kuutia vidonda. Damu ni ya vidonda hivyo, na ute ni wa utumbo uliowaka. Sehemu ya mwisho ya utumbo ikishawaka, humpa mtoto hisia ya kutaka choo hata pasipokuwa na choo, na hapo ndipo hutoka kule kusokotwa na kujikamua. Basi uchache wa choo usimliwaze mama. Atazame kilichomo.

Mama huyu alikuwa amekwisha kumpa mtoto Flajili iliyobaki nyumbani tangu kaka yake alipougua. Kosa hili ni la wengi, kwa kuwa tumezoea kudhani kila damu chooni ni amiba. Flajili huua amiba, lakini shigela haimdhuru, na amiba kwa mtoto wa umri huu ni sababu ya nadra. Siku mbili zilikuwa zimepotea. Dawa za kufunga tumbo nazo zisitumike kabisa, kwani humfungia bakteria ndani.

Zahanati walimpima uzito, kilo 11, wakamwandikia siprofloksasini mara mbili kwa siku kwa siku 3, kipimo kikitolewa kwa uzito wake. Wakaongeza zinki miligramu 20 kila siku (mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa 10), wakamwambia aendelee na maji ya chumvi, maziwa na uji. Na wakamtaka arudi baada ya siku 2, neno ambalo kina mama wengi hulipuuza. Siku hiyo ndiyo hutazamwa kama homa imeshuka, damu imepungua na hamu ya kula imerejea. Ikiwa sivyo, dawa hubadilishwa, maana shigela wengine wamezizoea baadhi ya dawa.

Lakini kuna damu moja isiyongoja hata asubuhi. Mtoto mchanga, hasa wa miezi 4 hadi 12, hulia ghafla kwa ukali akikunja miguu tumboni, kisha hutulia na kulegea, rangi imempauka, halafu hulia tena. Hutapika, baadaye hata matapishi ya kijani, na mwisho hutoa choo chekundu cha ute mfano wa jemu. Huenda asiwe na homa wala hakuhara mwanzoni. Huyo utumbo wake umejiingiza ndani ya sehemu nyingine ya utumbo, nao unakosa damu. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku uwao wote. Vivyo hivyo aliyeshikwa na degedege, anayelala kupita kiasi, asiyeweza kunywa, au ambaye mkojo wake umepungua mno, asingojee zahanati ifunguliwe.

Siku ya pili mtoto wetu alirudi bila homa, akiwa ameshika kipande cha mkate. Dada yake wa miaka mitano, hata hivyo, alikuwa ameanza kusokotwa. Shigela wachache mno, hata kiasi cha mia moja, hutosha kumuugua mtu. Dada huyo ndiye aliyekuwa akimtawaza mdogo wake kwa kata, kisha akajisuuza mikono kwa maji yaliyobaki katika ndoo ileile. Sabuni ilikuwako, juu ya kabati, asikofika.